Wahamasishaji wa Afya, Fungeni Kila Gunia kwa Kamba Yake

Wapendwa mnaosimama mbele ya watu kambini Kashuga, Mweso, Kalembe na kote Masisi kusema habari za kipindupindu, nawaandikia nikiwa na mzigo moyoni. Maneno yetu yanaweza kumwokoa mtoto usiku huu huu. Lakini kila wiki tunayaangusha njiani, kwa sababu tulipanga maongezi ya dakika arobaini na tano na tukapewa dakika ishirini.

Niungame kwanza la kwangu. Siku moja nilifika nimechelewa, tope limenishika barabarani. Nilianza pale pale nilipozoea: asili ya ugonjwa, vijidudu, maji ya mto, choo, mikono. Nilifuata mpangilio wangu kama mtu anayesoma orodha ya majina. Mvua ilipoanza kupiga mabati nilikuwa bado kwenye habari ya choo. Dawa ya maji, sukari na chumvi nikaitupa kwa sentensi mbili huku watu wakikimbilia mahema yao. Kesho yake mama mmoja aliniletea kikombe. "Papa, mtoto anatema." Nikaonja. Alikuwa ameweka vijiko sita vya chumvi na nusu kijiko cha sukari. Alisikia namba zote mbili, ila mimi sikumpa nafasi ya kujua ipi ni ya nini. Chumvi nyingi namna ile inaweza kumdhuru mtoto kuliko kumsaidia. Sijamsahau yule mama, na kwa ajili yake nawasihi: acheni kukata mwisho!

Mtazameni kijana wa chukudu anayeshuka na viazi. Mwenye akili hafungi mzigo wote kwa kamba moja. Kila gunia lina kamba yake, hata akifika penye tope zito anashusha moja, anapita, na yaliyobaki hayachezi wala hayaanguki. Asiyejua hufunga yote pamoja, na akigusa moja yanamwagika yote. Maongezi yetu mengi yamefungwa hivyo.

Basi jengeni hivi. Kuna mbao za chukudu zenyewe, ambazo haziguswi: mwanzo, kiini na mwisho. Kwa habari ya kipindupindu, mwanzo ni salamu na dalili, yaani kuharisha maji meupe kama maji ya mchele, na kwamba mtu anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kukaukiwa maji mwilini. Kiini ni kuchanganya maji ya kuokoa mbele ya macho yao: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, pale ambapo pakiti ya kituo cha afya haipo. Mwisho ni kumwita mama mmoja aje arudie mwenyewe, kisha kuwaambia wote waanze kumnywesha mgonjwa nyumbani na waendelee kumnywesha njiani kwenda kituo cha afya. Kati ya kiini na mwisho ndipo yanapokaa magunia, na hapo tu. Mimi nina manne: maji na klori, choo na mikono, mtoto anayenyonya, mazishi ya aliyekufa kwa kipindupindu. Msiongeze la tano. Anayebeba mengi hushindwa kuchagua akiwa amesimama.

Sasa pimeni. Msikadirie kichwani, semeni kwa sauti, saa iko mkononi, na mkalimani yuko kando. Hapa kwetu Kiswahili hakimfikii kila bibi, na maneno yakipitia Kihunde au Kinyarwanda dakika tano huwa karibu kumi. Ukipima peke yako chumbani umejidanganya. Nilipopima pamoja na mkalimani nilipata mwanzo dakika 5, kiini 12, mwisho 6. Hizo ni 23. Klori ni 6, choo 5, mtoto 4, mazishi 5.

Halafu hesabuni kutoka nyuma, na hili ndilo ninalolilia zaidi. Tuseme mmepewa kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi 3:45, kisha ugawaji wa chakula unaanza na hakuna atakayebaki. Mwisho unadai dakika 6, kwa hiyo ikifika 3:39 unahamia mwisho, hata ungekuwa umeanza saa ngapi. Andika 3:39 kwa kalamu nene. Kisha kila gunia liwe na kadi yake, na juu ya kadi andika saa ya mwisho ya kulifungua: klori 3:33, choo na mazishi 3:34, mtoto 3:35. Saa hiyo ikipita, kadi hiyo inarudi mfukoni. Hakuna hesabu ya kufanya mbele ya watu mia mbili.

Sasa tuseme rais wa kambi amesalimia kwa kirefu, umepata kusimama saa 3:18. Usitetemeke. Mwanzo unakufikisha 3:23, kiini 3:35. Tazama kadi: gunia la mtoto bado linafunguka, mengine yamefungwa. Unawaambia wamama waendelee kunyonyesha, wampe mtoto yale maji kwa kijiko kidogo kidogo, na akitapika wangoje dakika kumi ndipo waanze tena polepole. Inafika 3:39, unamwita mama mbele. Hakuna aliyejua kwamba magunia matatu yamebaki, na wala usimwambie mtu. Sentensi ile ya "nilikuwa na mengi ila muda umeniishia" huwafanya watu waamini kwamba walichopata ni nusu, na mtu hashiki vizuri kitu alichoambiwa ni nusu.

Lakini gunia halishuki kama limeshonwa kwa jirani yake! Chukueni kadi zenu, zichanganyeni, zisomeni ovyo ovyo. Ukikuta "kama nilivyosema kuhusu maji" au "jambo la tatu", hapo kuna uzi, ukate. Kila gunia lianze kwa swali lake na liishe kwa tendo lake. Na pale mwanzoni msiahidi "leo nina mambo manne", kwa sababu watu watahesabu na kuwadai. Kiini nacho kiwe na sura mbili: ile ya dakika 12 yenye maswali, na ile ya dakika 7 ya kuchanganya na kuonja tu, kwa siku wingu linapotua juu ya kilima kabla hujamaliza salamu.

Nawaambia pia ukweli wa upande wa pili: hadithi haina magunia. Ukianza kusimulia jinsi nyumba fulani ilivyopona, huwezi kuruka katikati yake, kwa maana msikilizaji anangoja mtoto apone. Hadithi ndefu iwekeni ndani ya gunia moja, nzima, iingie au isiingie.

Na yale yaliyobaki mfukoni hayajapotea. Habari ya klori nendeni nayo kwenye bomba, ambako wamama wanasimama na bidoni zao za lita ishirini wakingoja zamu. Pale mnao muda kuliko chini ya turubai. Ya mazishi peleka kwa wachungaji na wazee wanaoitwa msibani kwanza.

Yule mama wa kikombe nilimwita mbele, mara iliyofuata. Saa ilikuwa 3:39 na mvua ilikuwa imeanza kunukia. Alisawazisha kijiko kwa kidole, akahesabu sukari kwa sauti hadi sita, akanionyesha nusu ya chumvi, akaonja kabla ya kunipa.