Je, "Tutakuita" ni Ahadi?

Mwaka jana nilifanya mafunzo ya vitendo katika ofisi ndogo ya tafsiri hapa Kampala. Kazi mojawapo niliyokabidhiwa ilikuwa kuwaandikia waombaji wa kazi waliokosa nafasi. Ofisi ilitaka mfasiri mmoja wa Kiingereza na Kiswahili. Yalikuja maombi 41, watano wakaitwa kwenye usaili, mmoja akachukuliwa. Barua niliyopewa ilikuwa moja kwa wote 40 waliobaki: inawashukuru, inasema ushindani ulikuwa mkali, kisha inamalizia kwamba maombi yao yatahifadhiwa na wataitwa nafasi ikipatikana. Niliuliza yanahifadhiwa wapi. Mwenzangu akanionyesha boksi chini ya meza, ambalo huchomwa kila mwisho wa mwaka.

Sentensi ile ya mwisho ni adabu au ni uongo?

Mkurugenzi wetu aliitetea. Alisema ni kama mtu anayekula barazani anapomwambia mpita njia "karibu chakula". Mpita njia hujibu "ahsante, nimeshiba" na kuendelea na safari yake. Hoja hiyo ilinishika kwa muda, kwa sababu ni kweli kwamba lugha yetu ina mialiko mingi ya heshima tu. Lakini anayekaribishwa chakula anaujua mchezo, na hapotezi kitu akiupokea kwa maana yake ya juu juu. Mwombaji wa kazi haujui. Kijana mmoja kutoka Mbale alikuwa akitupigia simu kila baada ya wiki mbili. Mara ya tatu aliniambia kwamba shule moja imempa vipindi vya kufundisha naye amewaomba wasubiri, kwa kuwa sisi tulisema tutamwita.

Kanti, mwanafalsafa wa Ujerumani, alitoa mwaka 1785 mfano wa mtu anayekopa fedha na kuahidi kulipa huku akijua hataweza. Kosa lake ni kwamba anatumia imani ya mwenzake kama chombo. Sisi hatukukopa fedha. Tulikopa utulivu wetu: barua laini ilituepusha na lawama, na kijana ndiye aliyekuwa akilipa riba.

Hata hivyo sikubali kwamba dawa ni kufunga mlango kwa kila mtu, maana kuna ahadi ya namna hii ambayo ni ya kweli. Nchini Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huweka kwenye kanzidata majina ya waliofaulu usaili lakini nafasi hazikuwatosha, na matangazo yake ya kuitwa kazini hujumuisha watu kutoka humo. Ambao hawamo kwenye orodha huambiwa wazi kwamba hawakupata, na waombe tena kazi zikitangazwa. Kwa hiyo kuna makundi mawili yenye maneno mawili tofauti, na nyuma ya maneno hayo kuna daftari linalofunguliwa.

Nilimwomba mkurugenzi niandike upya. Waombaji 36 ambao hawakufika kwenye usaili niliwaandikia kwamba nafasi imejazwa na hatutabaki na karatasi zao; matangazo mengine yatabandikwa, na wakitaka waombe upya. Hilo lilikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kwa dada aliyeshika nafasi ya pili. Alipungukiwa alama chache tu katika jaribio la kutafsiri mkataba, kwa sababu istilahi za sheria zilimpa shida. Nilimweleza hivyo hivyo, bila kumlinganisha na aliyechaguliwa, kwani mshindi naye ana haki ya kutotangazwa alama zake. Nikaongeza kwamba mfasiri mpya yumo katika kipindi cha majaribio cha miezi mitatu. Nafasi ikirudi wazi katika muda wa miezi sita, tutamwita yeye kwanza, bila usaili mwingine. Nilimwomba ruhusa ya kuhifadhi wasifu wake hadi tarehe niliyoitaja, na nikamsihi asikatae kazi nyingine kwa ajili yetu. Barua niliishikilia mpaka aliyechaguliwa alipotia saini mkataba, kwa maana kama angeghairi, barua hiyo ingekuwa imemkataa mtu tunayemhitaji.

Mkurugenzi alifuta neno moja tu: badala ya "tutamwita" kwa kila hali, aliweka sharti kwamba fedha za mshahara ziwepo. Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimeahidi fungu lisilo langu.

Ikabaki simu ya Mbale. Alipopiga mara ya nne nilimwambia ukweli. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo, dada, miezi yote hii hakuna aliyezisoma karatasi zangu?" Nikajibu kwamba hakuna. Akaniomba nimrudishie nakala za vyeti kwa basi la kesho, maana shule ile ilikuwa bado haijapata mwalimu.