Ukisimama Hapa, Umebeba Nini?

Kuna mstari mdogo ambao hukaa chini kabisa ya slaidi, kwa herufi ndogo kuliko zote, mara nyingi ukiwa na mshale kando yake. "Lakini si hayo tu." "Kumbe shida haiko hapo." "Subiri uone bei." Watu wachache hukumbuka kwamba waliusoma, ila kidole kimeshaswaipu. Kazi yangu ni kuuandika. Tuko wawili katika chumba kimoja hapa Shanzu, si mbali na steji ya Serena: mimi na maneno, mwenzangu na rangi. Tunatengeneza posti za slaidi kuhusu sheria, ushuru, bajeti ya kaunti, mambo ambayo kijana wa Kisauni hawezi kuyasoma katika hati ya serikali ya kurasa mia.

Mstari huo tunauita daraja. Swali linalonisumbua ni jepesi kuliuliza: ni haki kumvuta mtu mbele kwa kumnyima kitu?

Ujanja wenyewe si mgeni. Aliyesoma fasihi sekondari analijua shairi la pindu, lile ambalo kipande cha mwisho cha ubeti hurudi kufungua ubeti unaofuata, kama mtu anayekushika mkono kwenye ngazi. Na kabla ya mashine za kuchapa, vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu vilikuwa na desturi yake: chini ya ukurasa, pembeni, mwandishi aliandika neno moja peke yake. Neno hilo ndilo la kwanza la ukurasa unaofuata. Karatasi zikichanganyika kabla ya kujalidiwa, fundi analinganisha neno la chini na neno la juu, anajua ipi inafuata ipi. Msomaji naye akifungua ukurasa tayari ameshaonja kinachokuja.

Ona tofauti. Yule mnakili alikupa neno lenyewe. Sisi tunakupa tundu mahali pa neno.

Na Kiswahili, nashukuru, hakikubali tundu tupu kabisa. Hili nililigundua kwa kuandika tu. Ukitaka kukata sentensi katikati ili mtu aswaipu, utajikuta na maneno kama "Kilichobaki ni…" au "Waliolipa ni…" Ukiandika "kilichobaki", umeshasema ni kitu, na ni kimoja. Ukiandika "waliobaki", umeshasema ni watu, na si mmoja. Ngeli inavujisha siri kabla hujaifungua. Kwa hivyo daraja zuri la Kiswahili linaweza kuwa fupi, maneno matatu manne, na bado likampa msomaji kitu cha kushika. Daraja bovu ni lile linalokimbilia maneno yasiyo na chochote ndani: "hutaamini", "hii ndiyo balaa", "ngoja sasa". Hayo unaweza kuyabandika chini ya slaidi yoyote duniani, na hiyo ndiyo dalili yake.

Mwenzangu ana madaraja yake ya macho. Anachora picha moja yenye upana wa pikseli 2160, anaikata katikati, nusu inaingia slaidi ya tatu na nusu ya nne. Jahazi linatokeza omo tu, tanga liko upande wa pili, na jicho halitulii mpaka lilione. Au anapitisha mstari wa rangi kutoka slaidi hadi slaidi kama nyaya za stima. Au anaandika tu namba, 3/7, ambayo kwangu ndiyo ishara ya heshima kuliko zote kwa sababu inakuambia safari imebaki kiasi gani na bando lako litakwenda wapi. Ishara ya macho nayo inaweza kudanganya. Mwaka 2017 kampuni moja ya viatu ya Uchina iliweka tangazo Instagram lenye mchoro wa unywele, mwembamba, kama umeanguka juu ya kioo cha simu. Watu waliupangusa kwa kidole, na kupangusa kule kukawapeleka dukani. Instagram ililiondoa tangazo lile. Hapo hakuna mjadala. Mjadala uko kwenye mistari ya kawaida, na kwangu ulikuja Juni 2024.

Mswada wa Fedha ulikuwa mezani. Tulikuwa tumeandaa slaidi saba. Slaidi ya tatu ilikuwa ya boflo: mswada ulipendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Slaidi ya nne ilikuwa ya gari: ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani yake, usiopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Kisha tarehe 18 Juni, kabla hatujaposti, ikatangazwa kwamba hayo mawili yataondolewa. Pendekezo la kupandisha ushuru wa kutuma pesa kwa simu nalo likatajwa kati ya yanayotoka. Ushuru wa mazingira ulibaki, lakini kwa bidhaa zinazoingizwa nchini zikiwa tayari zimeundwa.

Mwenzangu alikuwa na wazo, na kama wazo la kuvuta watu lilikuwa zuri sana. Slaidi ya tatu ibaki vilevile: picha ya boflo, maandishi makubwa, "Mkate: VAT asilimia 16." Chini, kwa herufi ndogo: "Lakini leo mambo yamegeuka." Mshale. Slaidi ya nne ndiyo iseme kwamba mkate unaondolewa.

"Dada, hapo hakuna atakayebaki slaidi ya tatu," aliniambia.

"Na atakayebaki?"

"Amejitakia, bwana. Mshale si upo?"

Shida ni kwamba slaidi hazikai pamoja. Sisi tunazifikiria kama kitabu, lakini Instagram mara nyingi humrudishia mtu posti ambayo hakuiswaipu mara ya kwanza, safari hii ikianzia slaidi ya pili. Kwa hivyo mlango wa mbele si mmoja. Halafu kuna skrinshoti. Mtu huchagua slaidi iliyomkasirisha kuliko zote, anaikata, anaitupa kwenye stetasi ya WhatsApp au grupu la familia. Huko hakuna namba, hakuna nukta zile chini ya picha, na mara nyingi anakata hata ule mstari wa mwisho kwa sababu ni mdogo na uko ukingoni. Kinachofika kwa mama mdogo wangu kule Utange ni picha ya boflo na asilimia 16, jioni ya siku ambayo jambo lenyewe limeshabadilika. Ukweli tumeuandika, sawa, ila tumeuweka chumba cha pili na yeye hajapewa ufunguo.

Tulifanya jaribio rahisi ambalo mpaka leo tunalifanya. Nilimtumia mama mdogo slaidi ya tatu peke yake, bila maelezo. Nikampigia, shikamoo, marahaba, kisha nikamuuliza: sasa hivi unaamini nini kuhusu mkate? Akasema unapanda bei. Hakusema "sijui, nasubiri mengine". Mshale aliuona. Alidhani ni pambo.

Tukaiandika upya. Slaidi ya tatu: "Mkate: mswada ulitaka VAT ya asilimia 16. Leo, 18 Juni, imetangazwa itaondolewa." Tukaweka "itaondolewa" na si "imeondolewa", kwa sababu tangazo si sheria na kura ilikuwa bado. Gari nalo likaingia hapohapo, mstari mmoja. Kisha daraja: "Vilivyobaki ndani." Maneno mawili tu, na slaidi ya nne ikaanza na maneno hayohayo kwa herufi kubwa, kama pindu: "Vilivyobaki ndani: ushuru wa mazingira kwa bidhaa kutoka nje." Anayesimama slaidi ya tatu hajabeba uongo. Anayeendelea anapata alichoahidiwa, hatua moja mbele, si slaidi tatu baadaye.

Hoja ya mwenzangu siifuti. Aliniuliza kitu ambacho sikuwa na jibu jepesi kwacho: mtu akishajua kwamba boflo limepona, ataswaipu kutafuta nini? Si atapumua, aende zake, asifike slaidi ya sita inayoeleza kura ni lini na mbunge wako anapatikanaje? Na hilo lilikuwa na uzito. Wabunge walipiga kura ya mwisho tarehe 25, mswada ukapita, vijana wakaingia Bunge, watu wakafa, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Katika wiki kama ile, msomaji aliyeondoka mapema ni hasara ya kweli.

Lakini nikipima hasara mbili, hazilingani. Aliyeondoka slaidi ya tatu akiwa na ukweli nusu ulio sahihi anaweza kurudi, au akakutana na nusu nyingine kwingine. Aliyeondoka na uongo atausambaza kwa nia njema kabisa, na atakayemsahihisha atakuwa anagombana na hasira yake. Tena hasira ile imetoka kwetu. Ndiyo maana siku hizi sitaki daraja ambalo nguvu yake yote inatoka kwenye kosa tulilomwachia msomaji kwa makusudi ili tuje kumsahihisha. Swali naweza kumwachia. Swali huwa linajitambulisha kuwa halijakamilika, hata likikatwa na skrinshoti: "Pesa hiyo itatafutwa wapi?" halimdanganyi mtu. Ila hapo nina sharti moja, kwamba slaidi inayofuata iwe na jibu. Kwenye posti ile ya Juni swali hilo nililiandika nikalifuta mwenyewe, maana siku hiyo jibu halikuwepo.

Tumebishana pia kuhusu ile picha iliyokatwa. Nilidhani nayo ni unyimaji. Mwenzangu akanionyesha kwamba nusu ya jahazi haimwambii mtu kwamba jahazi halina tanga. Kila mtu anajua limekatwa. Nikamkubalia, isipokuwa kwa grafu. Mstari wa bei unaopanda hadi ukingoni, halafu unashuka kwenye slaidi inayofuata, ni mkate uleule kwa sura nyingine. Grafu zetu sasa hazivuki ukingo.

Lililobaki ni slaidi ya mwisho. Mwenzangu hunakili fremu moja kwa slaidi zote, kwa hivyo mshale hubaki hata ya saba, na watu huswaipu, picha inavutika kidogo kama mpira, kisha inarudi. Tumekubaliana autoe kwa mkono kila mara. Mahali pake tunaandika tarehe na saa tuliyomaliza kuandika, kwa sababu posti huishi kuliko habari iliyomo. Sasa anataka tarehe hiyo iwe kwenye kila slaidi, palepale chini, kando ya daraja. Nafasi ni finyu, na itabidi nipunguze maneno.