Maoni Yaliyotungwa Kabla: Je, Yana Haki?

Mwanafunzi arudishiwapo karatasi ya mtihani huitazama alama kwanza, kisha maneno ya wino mwekundu, na aghalabu hukuta "Jitahidi zaidi". Wako walimu ambao, ili kuliepuka neno hilo, huweka akiba ya maoni: daftari lenye sentensi zilizokwisha kutungwa, kila moja na namba yake. Wenzao huwalaumu kwamba watoto arobaini hupewa maneno yale yale, hali kila mmoja astahili neno lake mwenyewe.

Lawama hiyo ina uzito, ila imeelekezwa pasipo. "Jitahidi zaidi" huandikwa upya kwa mkono kila mara, na bado mwalimu aweza kuliandika bila ya kuisoma karatasi. Udanganyifu haumo katika kurudia maneno. Umo katika maneno yanayoifaa karatasi yoyote.

Tutazame mfano wa Uganda. Mwanafunzi ambaye lugha yake ni Kiganda aandika "balua" na "kirimo". Hakuandika ovyo: katika maandishi ya Kiganda r hufuata e na i, na l huwa mahali pengine, naye ameishika kanuni hiyo. Mwenzake aandika "kitabu yangu imepotea", kama asikiavyo sokoni. Wote wawili wapata 11 kwa 20 na onyo moja, "Angalia lugha". Waangalie nini?

Daftari lingewatenganisha. Namba 4: "Mstari wa ... umeandika ... . Kiswahili hakichagui r au l kwa kufuata irabu iliyotangulia. Tafuta katika insha yako maneno matano yenye herufi hizo, uyahakikishe katika kamusi." Namba 7: "Mstari wa ... umeandika ... . Kitabu huleta changu na kimepotea. Iandike upya sentensi hiyo, kisha uiandike kwa wingi." Zile nafasi tupu ndizo roho ya akiba, kwani hazijaziki ila kwa kusoma.

Sentensi hizi hazitungwi mezani kabla ya mtihani. Mwalimu husoma karatasi kumi za kwanza akihesabu makosa. Kosa lililotokea mara tatu au zaidi ndilo litungiwalo. Kila karatasi hupewa maoni mawili tu, na nusu ya kipindi cha kesho yake huachwa kwa kuyatenda. Ni bora hata alama icheleweshwe hadi hapo: mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wanafunzi waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri kuliko waliopewa maoni pamoja na alama.

Hoja ya insha, lakini, haina namba. Mtoto akidai kwamba mahari ni biashara, hana budi kujibiwa yeye.

Na ikiwa katika mtihani ufuatao wengi waliopewa namba 7 wamerudia "kitabu yangu", ifutwe sentensi ya namba 7, itungwe nyingine.