Namba ya Kiuno na Maelezo Yasiyokubali Kushindwa

Mwaka 1993 Devendra Singh, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alichapisha utafiti uliofanya namba moja iwe maarufu. Alisema wanaume huvutiwa zaidi na mwanamke ambaye kiuno chake ukikigawanya kwa hipsi unapata 0.7, mathalani kiuno cha sentimita 70 kwa hipsi za sentimita 100. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya mageuzi: umbo hilo ni dalili ya afya na uwezo wa kuzaa, kwa hiyo wanaume wa kale waliovutiwa nalo walipata watoto wengi zaidi, na watoto hao wakarithi mvuto uleule. Kama ni kweli, basi upendeleo huo ungepaswa kuonekana popote penye binadamu.

Singh aliwaonyesha wanafunzi michoro 12 ya wanawake. Ilikuwa na viwango vitatu vya unene, na kila kiwango kilikuwa na uwiano wa 0.7, 0.8, 0.9 na 1.0. Walioongoza ni wale wa unene wa kati wenye 0.7. Lakini tazama orodha hiyo tena: 0.7 ndiyo ndogo kuliko zote. Asiyewekewa 0.6 mbele yake hatuwezi kujua kama angeichagua. Tena, mchoraji akipanua kiuno bila kugusa hipsi, mwanamke mzima anaonekana mnene zaidi, na hatuwezi kujua kama mtazamaji alivutwa na uwiano au na wembamba.

Kasoro hizo zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetazama michoro, lakini wengi walitazama namba tu. Singh alikuwa pia amekusanya vipimo vya washindi wa Miss America na vya wanawake wa kurasa za kati za jarida la Playboy, akasema uzito wao ulipungua miaka ikipita ilhali uwiano ulibaki karibu na 0.7. Mwaka 2002 Jeremy Freese na Sheri Meland walivirudia vipimo hivyo, wakakuta uwiano ulitofautiana kuliko ilivyosimuliwa. Wakati huo namba ilikuwa imekwisha kunukuliwa kwa karibu miaka kumi.

Jaribio gumu zaidi lilitoka nje ya vyuo. Mwaka 1998 Douglas Yu na Glenn Shepard waliripoti habari za Wamatsigenka wa kusini-mashariki mwa Peru. Wanaume wa kijiji kilichojitenga msituni walipenda wanawake wanene, wenye kiuno kipana. Kwa waliozoeana na watu wa nje, upendeleo ulisogea kuelekea ule wa Marekani. Hapa kwetu Tanzania, Adam Wetsman na Frank Marlowe waliwauliza Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 1999 waliripoti kwamba wanaume hao walijali unene, na uwiano haukuwashughulisha. Katika jaribio lililofuata baadaye, walipendelea kiuno kipana.

Kilichofuata ndicho cha kuogopwa. Maelezo mapya yalikuja upesi: panapokuwa na uhaba wa chakula na kazi nyingi za suluba, mwanamke mwenye akiba mwilini ndiye bora, kwa hiyo mageuzi yameshinda tena. Wembamba ukipendwa, ni mageuzi. Unene ukipendwa, ni mageuzi. Stephen Jay Gould na Richard Lewontin walikuwa wameukemea mtindo huu tangu mwaka 1979, wakisema unatosheka na hadithi inayosadikika tu. Hadithi ya namna hiyo ikikataliwa, msimulizi hutunga nyingine, na hakuna siku atakayolazimika kukiri kwamba wazo la msingi lilikosea.

Hata hivyo, maelezo ya uhaba hayastahili kutupwa kwa sababu tu yalikuja yamechelewa. Swali ni kama yanatabiri jambo ambalo bado halijaonekana. Wamatsigenka peke yao hawatoshi, kwa maana anayezoeana na mji hupata chakula zaidi na picha za matangazo kwa pamoja, na huwezi kuvitenganisha. Viren Swami na Martin Tovée walipata njia. Mwaka 2006 waliripoti kwamba waliwapima wanafunzi wa kiume wa Uingereza, wengine wakiwa na njaa na wengine wameshiba. Wote walikuwa wa mazingira mamoja, wenye kuona picha zilezile. Kama njaa haina lolote, majibu yangelingana. Hayakulingana: wenye njaa waliwapa alama za juu zaidi wanawake wenye uzito mkubwa.

Matokeo hayo yanaunga mkono wazo kwamba njaa hubadili jicho, lakini hayairudishii 0.7 hadhi yake. Upendeleo unaobadilika kati ya kabla ya mlo na baada yake si ule uliodaiwa mwaka 1993, wa kipimo kimoja kilichorithiwa na wanaume wote.