Nani Alikuwa wa Kwanza Kumwita Hivyo?

Mwaka jana nilianza kuandika hadithi ya mabaharia wanaovusha sukari ya magendo kwa jahazi, kutoka Kismayu hadi Lamu. Nikaanza na majina, maana hapo ndipo penye raha. Simba wa Bahari. Jicho Moja. Kifo Cheusi. Rafiki yangu akasoma kurasa tatu, akaniuliza kama hii ni hadithi ama orodha ya matatu za Rongai.

Nilikasirika, halafu nikaona ana point. Majina yale niliyatoa kichwani mwangu, mimi niliyekaa Nairobi na chai yangu. Hakuna mtu ndani ya lile jahazi aliyewahi kuyatamka. Lakabu ya kweli ina shahidi: mtu amefanya jambo, wenzake wameona, na mmoja wao akafungua mdomo kabla ya wengine. Ukimuuliza mwandishi ni nani huyo wa kwanza na akose jibu, basi jina ni rangi tu ya kupaka.

Kwa hivyo nikaazima jina la nyumbani. Babu yangu alikuwa baharia, na barazani walimwita Mkata Amari. Amari ni ile kamba nene ya nanga. Kisa nilikisikia tangu utotoni: usiku, chombo kimetia nanga karibu na mikoko, sukari imejaa, mara boti ya doria inasikika. Kuvuta nanga kwa mikono kunataka watu na muda, na muda haukuwepo. Babu akachukua shoka akaikata amari, tanga likapanda, wakapotelea gizani. Nanga ilibaki chini, mali ikafika. Nikalitia jina hilo kwa hadithi vile lilivyo, nahodha wangu akawa shujaa.

Kumbe kulikuwa na kijana. Shangazi ndiye aliyeniambia, tena bila haraka, akichambua mchele. Usiku ule kijana mmoja wa chomboni alikuwa ametumwa pwani na mtumbwi kuteka maji ya kunywa. Alipogeuka akaona tanga linapanda. Alikamatwa pale mchangani na mitungi yake, akafungwa. Alipotoka alirudi Lamu, na mpaka uzeeni alimwita babu kama wengine wote: Mkata Amari. Maneno ni yaleyale mawili. Shangazi anasema yeye tu aliyatamka polepole.

Tangu siku hiyo kinachonisumbua ni ile *m* ya mwanzo. Ukisema "alikata amari" umesimulia usiku mmoja, na usiku ulipita. Ukisema "mkata amari" umesimulia mtu. Kiswahili chetu humwita mpishi yule anayepika kila siku, na humwita mwuaji yule aliyeua mara moja tu. Sauti ni ileile, haikuambii ni mara ngapi. Babu alikata kamba kwa dakika mbili hivi, akabeba jina miaka yote iliyobaki. Je, ni haki? Na mimi ninayeliandika, si ninamfungia palepale na shoka mkononi?

Wenye majina hawa nao wana lao la kusema. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyefariki Zanzibar mwaka 1905, tunamjua zaidi kama Tippu Tip. Katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, anasema jina lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa sababu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Ni wazi kwa nini yeye alipendelea bunduki. Lakini hata tukimkubalia, mlio huo ulipewa jina na watu waliokuwa upande wa pili wa mtutu. Yeye alilivaa kama sifa, ilhali wao walikuwa wakieleza walichokimbia.

Sijaiacha lakabu. Chombo kina watu saba, na msomaji hawezi kumshika kila mmoja kwa jina la baba na babu. Mkata Amari anamkumbuka mara moja. Nilichobadilisha ni kwamba sasa mimi msimulizi silitumii jina hilo hata kidogo. Mabaharia wanalitumia wakicheka. Mkewe halitumii, anamwita Baba Mwanaisha. Yeye mwenyewe barazani anaitika, nyumbani haitiki.

Na kijana wa mitungi nimemrudisha, katika sura ya mwisho, pale gatini, ndevu zimeota mvi. Anaita mara moja, polepole. Nahodha yuko na mgongo kwake, anafunga kamba. Nimeiandika sentensi inayofuata mara tisa, mara nyingine anageuka, mara nyingine anaendelea kufunga.