Mtoto Si Tarishi

Wanangu mliotengana, mzee niliyekula chumvi nyingi hapa Hurlingham sina neno na kutengana kwenu. Neno langu ni la Ijumaa jioni, pale mtoto wa miaka minane anapofungiwa begi la kwenda kwa baba yake Lang'ata, na mama, kwa uchovu tu wala si kwa ubaya, anamwambia: "Mwambie baba yako karo haijalipwa."

Mtoto anafika, anamkuta baba amefurahi, naye hataki kuiharibu furaha hiyo. Jumamosi ananyamaza. Jumapili mchana tumbo linamuuma, na daktari haoni ugonjwa. Akirudi anaulizwa, "Ulimwambia?" Anajibu, "Ndiyo, atalipa." Mama anatulia. Siku chache baadaye mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, mama anamwita baba mwongo, baba anashangaa, na aliyedanganya ni mdogo asiyekuwa na la kufanya.

Basi habari ya karo iende kwa simu, mzazi kwa mzazi. Pesa ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na ujumbe wa malipo utumwe kwa mwenzako siku hiyo hiyo. Alhamisi jioni tumianeni mistari mitatu tu: dawa, kazi ya shule, saa ya kumchukua. Mtoto akianza, "Mama amesema...", mjibu, "Asante, nitamuuliza mwenyewe. Umekula?" Mkipatana, andikeni mliyokubaliana, maana Sheria ya Watoto ya 2022 inawaruhusu wazazi kuwekeana makubaliano ya wajibu wao. Ila palipo na kipigo au vitisho, msilazimishe mazungumzo. Pigeni 116, simu ya bure ya watoto, au nendeni kwa afisa wa watoto.

Nayo ratiba? Sufuria hata ikihamishwa jiko, chakula kitaiva mradi moto ni ule ule. Sizungumzii kila kitu. Kwa baba ale chapati, kwa mama ugali, haidhuru. Shikeni mambo machache: kulala saa mbili u nusu, kazi ya shule kabla ya televisheni, na kurudi Jumapili saa kumi na moja, apate kuoga na kuandaa sare bila kukimbizwa. Mkiweza, mmoja amfikishe shuleni Ijumaa asubuhi na mwingine amchukue jioni, ili asisimame getini akiwatazama mkinuniana.

Mtateleza, najua. Hasira hupanda, na mtoto yupo karibu kuliko simu. Likikutoka neno, usingoje Jumapili. Mwambie jioni ile ile, "Ule ujumbe haukuwa wako, nimeuchukua," kisha mpigie mwenzako wewe mwenyewe.