Nani Alinganishwe na Nani: Takwimu Mbili za Pengo la Ujira

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Uingereza hutoa kila mwaka hesabu ya tofauti ya ujira wa saa kati ya wanaume na wanawake. Katika hesabu ya mwaka 2024, wafanyakazi wote walipojumuishwa, ujira wa kati wa wanawake ulikuwa chini ya ule wa wanaume kwa takriban asilimia 13. Walipohesabiwa wenye ajira ya muda kamili peke yao, pengo lilishuka hadi asilimia 7. Na walipohesabiwa wafanyakazi wa saa chache peke yao, wanawake ndio waliokuwa mbele, kwa takriban asilimia 3. Ujira wa kati hapa ni ule wa mtu asimamaye katikati hasa, lau wafanyakazi wote wangepangwa mstari kuanzia alipwaye kidogo kabisa hadi alipwaye zaidi ya wote.

Msomaji makini atashtuka. Kila mfanyakazi yumo ama katika kundi la muda kamili ama katika lile la saa chache. Katika kundi moja pengo ni 7, katika jingine wanawake wanaongoza. Iweje basi wote kwa pamoja watoe 13? Yawezekanaje jumla kuzidi sehemu zake zote mbili?

Tuchukue mfano mdogo wa kubuni, na kwa urahisi wa hesabu tutumie wastani wa kawaida. Kuna wanaume kumi: tisa wanafanya kazi muda kamili kwa pauni 20 kwa saa, na mmoja anafanya saa chache kwa pauni 12. Kuna wanawake kumi pia: sita wa muda kamili kwa pauni 19, na wanne wa saa chache kwa pauni 12 na nusu. Miongoni mwa wa muda kamili, mwanamke yu nyuma kwa asilimia 5. Miongoni mwa wa saa chache, yu mbele kwa asilimia 4 na kidogo. Lakini wastani wa wanaume wote ni pauni 19.20, na wa wanawake wote ni pauni 16.40, pengo ni karibu asilimia 15. Hakuna kiinimacho. Pengo kubwa halikukaa ndani ya kundi lolote kati ya hayo mawili. Limekaa katika ule ukweli kwamba kazi ya saa chache hulipwa kidogo kwa kila saa, na kwamba wanawake wanne wamo humo dhidi ya mwanaume mmoja.

Hapa ndipo swali linapoacha kuwa la hesabu tupu. Tukiyatenganisha makundi kabla ya kulinganisha, tumesema bila kutamka kwamba kuwamo katika kundi hili au lile si sehemu ya dhuluma tunayoitafuta. Labda ni kweli. Labda mwanamke yule alizichagua saa chache kwa hiari yake kamili. Labda pia alizichagua kwa sababu mtoto hutoka shule saa tisa alasiri, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu mwingine aliyetarajiwa kwenda kumchukua. Takwimu haiwezi kutofautisha hali hizi mbili.

Kiswahili chenyewe kinatupotosha kidogo katika jambo hili. Takwimu ya kwanza tunaiita ghafi, kana kwamba ni mali ambayo haijapita kiwandani; ya pili tunasema imerekebishwa, na kwetu kinachorekebishwa ni kile kilichokuwa na kasoro. Majina haya yanahukumu kabla kesi haijasikilizwa. Ingekuwa haki zaidi kusema kwamba takwimu ya kwanza inajibu swali moja na ya pili inajibu jingine. Ya kwanza inauliza: katika uchumi huu kama ulivyo, wanawake wamesimama wapi na wanaume wamesimama wapi? Ya pili inauliza: tukimchukua mwanamke na mwanaume wanaofanana katika mambo kadhaa tuliyoyateua, bado wanatofautiana kwa kiasi gani? Neno lenye uzito katika swali la pili ni “tuliyoyateua”.

Uzito huo unaonekana vizuri katika kazi ya Francine Blau na Lawrence Kahn, wachumi wa Marekani, waliyoichapisha mwaka 2017. Walitumia data za mwaka 2010 za Wamarekani wenye ajira ya muda kamili. Bila marekebisho yoyote, mwanamke alipata takriban senti 79 kwa kila dola ya mwanaume kwa saa. Walipolinganisha watu wenye elimu na uzoefu unaofanana, pamoja na sifa chache za msingi, senti zile zilipanda hadi 82 tu. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba wanawake wakisoma pengo litazibika. Wanawake wa Marekani walikuwa wamesoma, hata kuwapita wanaume, na pengo likasalia. Kilichozipandisha senti hadi karibu 92 kilikuwa ni kuongeza katika hesabu aina ya kazi, sekta, na uanachama wa chama cha wafanyakazi.

Basi sehemu kubwa ya pengo “lilielezwa” na kazi wanazofanya watu. Anayetaka kutuliza hasira atasimama hapo: tazameni, pengo halisi ni senti nane tu, na hata hizo huenda zikaelezwa na jambo ambalo halikupimwa. Lakini kueleza si kuhalalisha. Nikikueleza kwamba nyumba iliingia maji kwa sababu paa lilitoboka, sijasema bado nani alilitoboa, wala kama mpangaji ndiye wa kulipa.

Nionavyo mimi, hakuna mahali panapoonyesha udhaifu wa takwimu iliyorekebishwa kuliko Birmingham. Halmashauri ya jiji hilo iliwaweka katika daraja moja wafanyakazi wa aina mbalimbali. Upande mmoja walikuwamo wazoa taka, wafagia barabara na wachimba makaburi, wengi wao wanaume. Upande wa pili walikuwamo watunza wazee majumbani, wasafishaji na wapishi wa shule, wengi wao wanawake. Daraja lilikuwa moja, na mshahara wa msingi ulifuata daraja. Lakini kazi za wanaume zilikuwa na bonasi, na kazi za wanawake hazikuwa nazo.

Tuiweke hali ya namna hiyo katika daftari la kubuni. Watunza wazee ni 100, wanawake 95 na wanaume 5, wote wanapata pauni 10 kwa saa. Wazoa taka ni 100, wanaume 95 na wanawake 5, wote wanapata pauni 14 pamoja na bonasi. Bila marekebisho, wanawake wana wastani wa pauni 10.20 na wanaume pauni 13.80, pengo ni asilimia 26. Sasa mtakwimu anarekebisha kwa kigezo cha aina ya kazi. Analinganisha mtunza wazee wa kike na mtunza wazee wa kiume, mzoa taka wa kiume na mzoa taka wa kike. Pengo ni sifuri. Si kwamba limepungua, limetoweka kabisa. Mtakwimu wa pili anarekebisha kwa kigezo cha daraja badala ya jina la kazi. Kwa kuwa wote wamo katika daraja moja, pengo linarudi pale pale, asilimia 26. Daftari ni lile lile na wafanyakazi ni wale wale. Kilichobadilika ni safu iliyochaguliwa kuwa msingi wa kulinganisha.

Sheria ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuchagua safu yake. Sheria ya Ujira Sawa ya mwaka 1970, iliyoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 1975, haikuishia kwenye kazi zinazofanana kwa jina. Iliruhusu pia kulinganisha kazi mbili tofauti ikiwa tathmini ya mwajiri mwenyewe imezipa uzito sawa. Kwa hiyo yule mtunza wazee aliruhusiwa kumnyoshea kidole mzoa taka na kusema: huyu ndiye mwenzangu. Mwezi Oktoba 2012 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba waliokwisha kuacha kazi Birmingham na kupitwa na miezi sita ya baraza la ajira wangeweza kudai katika mahakama za kawaida, ambako muda ni miaka sita. Wadai walikuwa zaidi ya 170, karibu wote wanawake. Kufikia mwaka 2023 halmashauri ilisema imelipa takriban pauni bilioni 1.1 kwa madai ya namna hiyo, na mwezi Septemba mwaka huo ilitangaza kwamba haimudu tena matumizi mapya, ikiyataja madai ya ujira sawa miongoni mwa sababu kuu. Pengo ambalo fomula moja ingelisoma kama sifuri lilikuwa na uzito wa kutosha kuyumbisha hazina ya jiji.

Yafaa niseme upande wa pili, nisije nikaonekana wakili wa takwimu ghafi. Hiyo nayo hutumiwa vibaya kila siku, hasa pale mtu anaposema kwamba asilimia 13 ni kiasi anachopunjwa mwanamke kwa kazi ile ile. Haisemi hivyo. Pia huficha wasiohesabiwa. Italia, kwa mfano, huonekana katika takwimu za Ulaya kuwa na pengo dogo la ujira wa saa, na mgeni angedhani wanawake wa huko wamefika. Lakini Italia ni miongoni mwa nchi za Umoja wa Ulaya ambako wanawake wachache zaidi wana ajira, na asiye na ajira hana ujira wa kuingizwa katika hesabu. Ikiwa wanaobaki nyumbani ni wale ambao wangelipwa kidogo, basi wastani wa waliobaki kazini hupanda, na pengo hupungua bila mtu yeyote kuongezwa hata senti.

Jambo hilo hilo hutokea ndani ya kampuni moja. Tangu mwaka 2017 waajiri wa Uingereza wenye wafanyakazi 250 au zaidi hutakiwa kutangaza pengo lao ghafi, la wastani na la kati. Tuseme benki fulani ina wasafishaji 60, wengi wao wanawake, wengine kati yao wazungumzaji wa lugha hii tunayoiandikia, ambao huingia saa kumi alfajiri na kutoka kabla mameneja hawajafika. Benki ikiikabidhi kazi hiyo kwa kampuni ya wakandarasi, wanawake hao 60 wanatoka katika daftari lake. Ripoti ya mwaka unaofuata itaonyesha pengo limepungua, na haitakuwa imesema uongo hata kwa tarakimu moja. Wasafishaji wataendelea kuingia kwa mlango ule ule, saa ile ile, na ndoo zile zile. Ila sasa mwajiri wao ni kampuni ambayo karibu kila mtu ndani yake analipwa kama wao, na kwa hiyo huenda isiwe na pengo lolote la kutangaza.